Babu wa 1967 Sokoni Kariakoo: Mwongozo Kamili wa Kuandika na Kuigiza Kichekesho cha Safari ya Wakati

Kichekesho cha babu anayetoka zamani na kuibukia katika soko la leo huandikwa sana, lakini huchekesha mara chache. Mara nyingi tatizo ni kwamba mwandishi amemfanya babu mjinga. Babu anaona simu, anapiga kelele "Shetani!", anakimbia. Watazamaji wanacheka mara moja, kisha hawana cha kusubiri, kwa sababu mtu anayeogopa kila kitu hana la kufanya zaidi ya kuogopa tena.

Mwongozo huu unajenga kichekesho cha dakika sita chenye babu mwenye akili timamu. Anaona vizuri, anasikia vizuri na anafikiri vizuri. Kasoro yake ni kwamba maneno anayoyasikia sokoni anayajua kwa maana ya zamani, hivyo kila hitimisho analofikia ni sahihi kwa mwaka wake na ni ndivyo sivyo kwa mwaka huu. Kipimo cha kila mzaha ni hiki: je, mtu mwingine yeyote mwenye busara wa wakati ule angeelewa vivyo hivyo? Kama jibu ni hapana, futa mzaha huo hata kama umekuchekesha ulipouandika.

Chagua mwaka kabla ya kuchagua mzaha

"Zamani" si mwaka. Babu wa 1920 na babu wa 1967 hawashangazwi na vitu vilevile, na ukiwachanganya mtazamaji mzee atakukamata. Sisi tutachukua 1967, Dar es Salaam. Ni mwaka wa Azimio la Arusha, kadi ya TANU ni mali ya kutunzwa mfukoni, na shilingi ya Tanzania ina mwaka mmoja tu tangu itolewe Juni 1966. Noti kubwa kuliko zote ni ya shilingi 100. Hilo la noti liandike pembeni kwa herufi kubwa, maana ndilo litakalobeba onyesho la pili.

Sasa orodhesha anachokijua, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Babu wa 1967 anaijua redio, na Radio Tanzania Dar es Salaam anaisikiliza barazani. Anaijua simu ya waya, na tena neno "simu" kwake ni telegramu pia. Anajua kwamba fedha zinaweza kutumwa kwa njia ya posta, kwa hawala. Kwa hiyo usimwandikie mstari wa kushangaa kwamba pesa inaweza kusafiri bila kubebwa. Kinachomshangaza ni mahali inapopokelewa: si posta, bali kando ya njia, chini ya mwavuli, kwa binti mwenye kiti cha plastiki.

Kwa kipimo hichohicho tupa mzaha wa sanamu za kuvalishia nguo, zile zisizo na vichwa. Kila mtu huufikiria kwanza, na babu wa mjini angeweza kuwa ameshaziona madukani. Tupa pia mzaha wa kituo cha Gerezani, ambapo babu anasikia jina likitangazwa ndani ya basi la mwendokasi na kudhani anapelekwa jela. Unachekesha kwenye karatasi, ila Gerezani ni mtaa wa zamani wa Dar es Salaam na babu anaufahamu kuliko kondakta. Mahali asipopatambua ni soko lenyewe: jengo kubwa la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa 1975, kwa hiyo halijawahi kuwepo machoni pake.

Namna ya kumsafirisha isikuumize kichwa. Mwaka 1967 mabasi ya mjini ni ya kampuni ya DMT (UDA ilikuja 1974). Babu anapanda basi, anasinzia, anaamka ndani ya mwendokasi, anashuka. Sekunde 15 zinatosha. Mtazamaji hahitaji mashine wala radi. Kila dakika unayotumia kueleza safari unaiiba kutoka sokoni.

Daftari la maneno yaliyohama

Gawa ukurasa sehemu mbili. Kushoto andika neno linalosikika sokoni leo, kulia andika maana atakayoipata mtu wa 1967. Nenda sokoni ukae karibu na wakala wa fedha kwa saa moja, usikilize tu. Utarudi na maneno 20 au 30. Usiyatumie yote. Dakika sita zinabeba matano hadi saba, na yanayofaa ni yale ambayo maana ya zamani bado inaeleweka kwa mtazamaji wa leo. Neno la zamani lililokufa kabisa, kama vipimo vya wakia na ratili, litamlazimu mtazamaji kufikiri wakati alipaswa kucheka.

Haya ndiyo tuliyoyabakiza. "Mambo?" na "poa": babu anachukulia kwamba ameulizwa hali ya mambo yake kweli, na kwamba kitu fulani kimepoa. "Buku": kwako ni shilingi elfu moja, kwake ni yule panya mkubwa wa porini. "Kutoa", "kuweka" na "ya kutolea": kwako ni fedha na makato ya kuichukua kwa wakala, kwake ni lugha ya tambiko. "Wekundu": kwako ni noti nyekundu za elfu kumi, ambazo mtaani huitwa msimbazi, kwake ni jogoo wa kafara. "Kadi haisomi." "Mtandao umekata": kwake kitu kilichotanda ni utando wa buibui. Na "nirushie", ambayo kwake ina maana moja tu, ile ya mkono.

Angalia kwamba manne kati ya hayo yanakutana kwa wakala. Hiyo si bahati. Maneno ya fedha za simu yaliokotwa kutoka Kiswahili cha kawaida na kupewa kazi mpya, ndiyo maana kibanda cha wakala kina vichekesho vingi kuliko duka zima la vifaa vya umeme, ambako maneno karibu yote ni ya kukopa na babu hayaelewi kabisa. Na asipoelewa kabisa hachekeshi. Lazima aelewe kitu kingine.

Mpe haja moja, kisha funga mizaha kwa kamba ya sababu

Babu asiwe mtalii. Mpe jambo dogo la haraka: mkewe ameinjika sufuria na amemtuma nyanya. Mfukoni ana shilingi moja, sumuni na kadi ya TANU. Mkononi ana kikapu cha ukindu na bakora. Basi.

Sasa kila kosa lizae linalofuata. Anauliza bei, anaambiwa elfu moja; kwa hiyo anahitaji fedha nyingi ghafla; kwa hiyo anauliza watu wanazipata wapi; anaonyeshwa kwa wakala; anaamini wakala ni mganga wa utajiri; anatoka mikono mitupu; anarudi kwa muuza nyanya akiwa na shilingi yake ileile. Ukiweza kubadilisha mpangilio wa maonyesho mawili bila kitu kuharibika, hujafunga kamba, umeweka vichekesho kwenye foleni.

Kuna ufundi mmoja zaidi unaoinua kichekesho hiki. Mara mbili, soko likubaliane na babu. Anafanya jambo la kipuuzi kwa sababu ya maana ya zamani, na kwa sadfa matokeo yanakuwa yale aliyoyatarajia. Mara ya kwanza iwe ndogo, katikati. Mara ya pili iwe ndiyo mwisho. Mtazamaji akiona ya kwanza atadhani ni mzaha wa kupita, na ya pili itamkuta hajajiandaa.

Mswada, onyesho kwa onyesho

Wahusika ni sita: Mzee Pazi, yaani babu wetu, Side anayeuza viatu, Mama Hawa wa nyanya, Neema wakala, kijana mteja asiye na jina, na mtu wa foleni kwa wakala. Mswada mzima usizidi maneno 650. Mizaha mingi hapa inategemea kimya na macho, na ukijaza maneno 900 waigizaji watakimbiza kila kitu ili wamalize.

Onyesho la kwanza ni la nusu dakika, kazi yake ni kumfundisha mtazamaji kanuni ya mchezo.

SIDE: Mambo, mzee?
BABU: (anasimama, amefurahi kuulizwa) Mambo si haba, mwanangu. Mama watoto mguu umemvimba, mbuzi mmoja kazaa, na lile shauri la shamba bado liko barazani.
SIDE: (ameshageukia mteja mwingine) Poa, poa.
BABU: Haujapoa. Ndiyo kwanza tunaukanda.

Side hashangai, wala hajamsikia. Hii ni muhimu kwa kichekesho chote: watu wa sokoni wana shughuli zao. Hakuna anayemkodolea babu macho, hakuna anayeuliza "Babu, umetoka wapi?" Swali hilo likiulizwa mara moja tu, itabidi lijibiwe, na kichekesho kitageuka maelezo.

Onyesho la pili.

BABU: Hodi hapa. Fungu kiasi gani, mwanangu?
MAMA HAWA: Shikamoo, babu. Hilo buku tu.
BABU: Marahaba. (ananyanyua nyanya, anaigeuza) Buku? Mbona sioni alipotafuna?
MAMA HAWA: Nani?
BABU: Buku.
MAMA HAWA: Hilo dogo ndiyo buku, babu. Hili kubwa buku mbili.
BABU: Hili wameingia wawili!
MAMA HAWA: (anachomoa noti ya elfu moja) Buku si hii?
BABU: (anaipokea, anaisogeza mwangani, uso unabadilika) Mwalimu! (anatazama kushoto na kulia, sauti inashuka) Mwanangu, nyie hapa mnamwita Mwalimu panya?

Hapa ndipo kicheko kikubwa cha kwanza kilipo, na kinawezekana kwa sababu noti ya shilingi 1,000 ina sura ya Nyerere. Mwigizaji asiutupe mstari huu kwa hasira. Babu anaogopa kwa niaba ya Mama Hawa. Kwake Mwalimu ni Rais aliyeko madarakani, na mtu anayemwita panya hadharani anajitafutia matatizo. Woga wa kumhurumia mwingine unachekesha kuliko ukali, na pia unalinda heshima ya Mwalimu mwenyewe, maana babu ndiye anayemtetea.

MAMA HAWA: Hiyo ni elfu moja, babu.
BABU: Elfu moja ya nini?
MAMA HAWA: Shilingi.
BABU: (anairudisha kwa mikono miwili, kimya) Na mbegu za nyanya hizi ukizipanda huota ng'ombe?
MAMA HAWA: (anacheka, anahudumia wengine)
BABU: Watu hizo elfu wanazitoa wapi?
MAMA HAWA: Kwa wakala pale, babu. Wote wanatoa pale.

Kabla babu hajaondoka, pandikiza mbegu ya mwisho. Kijana mteja anachukua fungu la buku na kusema, "Mama, mtandao unasumbua, nitakurushia ukitulia." Mama Hawa anajibu, "Usinisahau." Mstari huo upite haraka, kama kelele za soko. Ukiusisitiza, mtazamaji ataukumbuka mapema mno.

Onyesho la tatu ndilo refu, dakika mbili na nusu. Lianze na mtu aliye kwenye foleni, mwenye visikilizi vidogo visivyo na waya masikioni, akizungumza na hewa: "Nitumie sasa hivi. Na ya kutolea, tafadhali. Bila ya kutolea sitoki hapa." Babu anamsogelea taratibu, anatazama kule anakotazama, haoni mtu. Anampisha kwa adabu, kama tunavyompisha mwenye pepo. Asiseme neno. Watazamaji wameshaelewa.

NEEMA: Karibu, babu. Unatoa au unaweka?
BABU: Wenzangu wanafanyaje?
NEEMA: Wengi leo wanatoa.
BABU: (ananong'ona) Wa rangi gani?
NEEMA: (anahesabu noti, hamtazami) Wekundu wapo. Unataka wangapi?
BABU: Mmoja atatosha. Atachinjwa hapahapa?
NEEMA: (hajasikia) Kitambulisho?
BABU: (kwa fahari, anatoa kadi ya TANU iliyofungwa kwenye leso)
NEEMA: (anaigeuza) Babu, kadi hii haisomi.
BABU: Haiwezi kusoma, mwanangu. Husomwa.
NEEMA: Namba ya siri unaikumbuka?
BABU: Kama ni siri, waniuliza mbele ya watu?
NEEMA: Subiri kwanza, mtandao umekata.

Babu anainua macho chini ya mwavuli. Kwenye pembe kuna utando wa buibui. Anaupangusa kwa ncha ya bakora, polepole na kwa uangalifu wa mtu anayesaidia kazi takatifu. Simu ya Neema inalia.

NEEMA: Haya, umerudi.
BABU: (anaitikia kwa kichwa, kama fundi)

Hiyo ndiyo mara ya kwanza soko linakubaliana naye. Maliza onyesho haraka: Neema anamwambia hana akaunti, babu anajibu "Basi nitarudi na jogoo," anaondoka.

Onyesho la nne.

BABU: Mwanangu, kule wamenikatalia.
MAMA HAWA: (ana wateja watatu, anafunga mafungu) Pole, babu. Basi nirushie tu hapa.
BABU: Nikurushie?
MAMA HAWA: Nirushie, babu. Wote wananirushia.

Babu anatoa shilingi yake. Anaitazama mara ya mwisho. Anapima umbali, anarudi hatua moja nyuma, anarusha. Sarafu inatua ndani ya ndoo ya Mama Hawa kwa mlio. Papo hapo simu ya Mama Hawa inalia: ni yule kijana, mtandao wake umetulia.

MAMA HAWA: (anasoma simu) Buku. Imeingia. Asante, babu. Mfuko unao?
BABU: (anainua kikapu)
MAMA HAWA: Safi sana. Babu wa kisasa.

Kata hapo. Kikapu kinafanya kazi kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo swali la Mama Hawa ni la kweli, na kikapu ambacho babu amekuja nacho kutoka 1967 ndicho kinachotakiwa. Ukiongeza sentensi hata moja ya kueleza hilo, umeliua.

Kuna watakaouliza: Mama Hawa si amepoteza buku? Kama swali linakukera, ongeza picha moja ya jioni, Mama Hawa anamwaga ndoo na kukuta shilingi ya 1966 yenye mkono ulioshika mwenge. Ni mwisho mzuri pia, lakini ni mwisho wa aina nyingine, wenye hisia badala ya kicheko. Chagua mmoja.

Kumwigiza babu

Mwigizaji kijana akipewa babu hujikunja mgongo, hutetemesha mkono na kukwaruza sauti. Mzuie siku ya kwanza ya mazoezi. Mzee Pazi ana miaka 60, anaweza kutembea toka Magomeni, hana ugonjwa. Uzee wake uonekane kwa kasi: anamaliza kusikiliza kabla hajajibu. Hesabu "moja, mbili" kimoyomoyo kabla ya kila mstari wa kuelewa ndivyo sivyo. Sekunde hiyo ndiyo mtazamaji anaiona akili ikifanya kazi na kufika mahali pasipo.

Lafudhi iwe ya pwani, ya kawaida, yenye "mwanangu" na "kazaa" badala ya "amezaa". Usimpe lafudhi ya kabila fulani kwa ajili ya kuchekea kabila. Kichekesho kitahamia kwenye lafudhi na maneno yote uliyoyachagua kwa saa moja ya kusikiliza yatapotea.

Mavazi: kanzu iliyofuliwa ikachakaa kidogo, koti juu yake, kofia ya kiua, makubazi ya ngozi. Kosa la kawaida ni saa ya mkononi ya kisasa kusahauliwa chini ya mkono wa kanzu. Anapoinua bakora kupangusa utando ndipo inapoonekana. Noti tumia halisi, kwa sababu kuchapa noti za maigizo kunaweza kukuletea kesi. Kadi ya TANU tengeneza ya karatasi ya manila ya kijani na usiisogeze karibu na kamera. Shilingi ya 1966 ukiipata ni heri, ukikosa sarafu yoyote nzito itafaa mradi usiionyeshe kwa karibu.

Utando wa buibui ni pamba ya dukani iliyovutwa hadi ikawa nyembamba kama moshi. Ibandike kwenye pembe ya mwavuli dakika chache kabla ya kurekodi, maana upepo huiondoa. Vuta ya akiba mara nne, kwa kuwa babu ataipangusa kila mnaporudia.

Sarafu na mlio wa simu

Kichekesho chote kinaning'inia kwenye sekunde moja: sarafu itue, simu ilie. Simu ikilia kabla ya sarafu, mtazamaji hataona uhusiano. Ikilia sekunde mbili baadaye, atakuwa ameshaanza kujiuliza. Lenga kama nusu sekunde baada ya sarafu.

Ndoo ya plastiki haitoi mlio, hutoa kishindo kidogo kinachomezwa na soko. Weka sahani ya bati ndani ya ndoo, chini kabisa, na umwambie Mama Hawa asiijaze nyanya. Umbali wa kurusha uwe hatua mbili. Hatua nne zinaonekana za ushujaa zaidi, ila mtarudia mara 15. Kama ni video, sarafu si lazima iingie kweli: piga picha ya mkono ukirusha, kisha picha ya ndoo ikipokea sarafu iliyoachiwa kutoka juu, kisha uso wa Mama Hawa.

Kama ni jukwaani, mtu aliye nyuma ya pazia abonyeze mlio kwa kusikia sarafu, si kwa kuona mkono ukirusha. Siku sarafu ikikosa ndoo, na itakosa, mkono utakuwa umemdanganya. Mpe babu sumuni kama akiba: akikosa, anasema "Hiyo ilikuwa ya salamu," anarusha ya pili. Baadhi ya vikundi huishia kupenda toleo hilo kuliko la awali.

Kurekodi penye kelele

Usirekodi Kariakoo yenyewe isipokuwa picha mbili tatu za mbali za kuonyesha mahali. Katikati ya Kariakoo huwezi kumzuia mtu kupita, na kila anayepita ataangalia kamera. Tafuta genge la mtaani lenye meza nne au tano, ongea na wenye meza na uongozi wa soko siku moja kabla, ulizia kibali kinachotakiwa, na lipia nyanya mtakazozishika. Zikishikwashikwa na watu sita kwa saa tatu haziuziki tena.

Saa nne hadi saa sita asubuhi genge huwa limetulia, wateja wa asubuhi wameondoka na wa jioni hawajaja. Waigizaji wavae maikrofoni ndogo za kubana. Ya babu ibanwe ndani ya koti, si kwenye kanzu, kwa sababu kanzu husuguana na kifua na kila hatua husikika kama mtu anakunja gazeti. Rekodi mazungumzo penye utulivu, kisha nenda soko kubwa urekodi dakika tatu za kelele tupu: wapiga debe, honi, vipaza sauti vinavyorudia bei. Zilaze chini ya mazungumzo wakati wa kuhariri, na uzishushe kidogo katika sehemu tatu tu: "mnamwita Mwalimu panya", bakora inapogusa utando, na sarafu inaporuka.

Jaribio kabla ya kutoa

Waonyeshe watu watatu: mmoja aliyezaliwa baada ya 2000, mmoja wa makamo, na mzee mmoja aliyekuwa mtu mzima mwaka 1967 au karibu na hapo. Kaa pembeni uwatazame wao, si skrini. Kijana asipocheka kwenye "mbona sioni alipotafuna", hamjui panya buku; hapo mwongezee Mama Hawa neno dogo, "Panya tena, babu?", na uone kama inatosha. Mtu wa makamo akicheka kwenye sarafu lakini si kwenye simu kulia, yule kijana wa onyesho la pili amepita haraka mno, mrudishie sekunde moja ya uso.

Mzee ndiye hakimu wa mwisho, na kwake usitazame kicheko. Sikiliza kama atasema "lakini wakati ule tulikuwa na..." Kila atakapolitamka hilo, kuna mzaha umemwandikia babu ujinga ambao hakuwa nao. Rudi kwenye mswada, uutoe, uone kama kamba bado imefungwa.